Dakika Kumi na Saba

Selestina Reginald alizaliwa Chidya, katika nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi aliyeongoza pia kwaya ya kanisa, na tangu mdogo alikuwa mtu wa kuuliza "ngapi?" Hiyo ndiyo kasoro yake, kama ni kasoro. Wenzake walipogombania muhogo wa kuchoma, yeye alitaka kwanza kujua vipande ni vingapi na midomo ni mingapi. Watu wa namna hiyo hawapendwi sana, ila siku ya kugawana kitu wote huwatafuta.

Mama yake alifariki Selestina akiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alioa tena kabla mwaka haujaisha, na hakuna aliyemlaumu, maana mwanamume mwenye watoto watano na chaki mkononi atafanyaje. Lakini upande wa mama walikuwa watu wa uwanda wa juu, wa Newala, na kwao mtoto aliyefiwa na mama ni wa mjomba. Benedikto, kaka wa marehemu, alishuka na baiskeli hadi Chidya, akala chakula cha mchana kwa adabu zote, kisha akasema, "Huyu wa kike nitakwenda naye." Hakueleza zaidi. Nguo za mtoto zilifungwa kwenye kanga, akapandishwa nyuma ya baiskeli, na walipofika kwenye mlima wakashuka wakawa wanaisukuma.

Huko juu alikuta ardhi nzuri, mikorosho hadi macho yachoke, na maji hakuna. Maji yalikuwa bondeni. Wanawake na wasichana waliamka alfajiri, wakateremka na ndoo, wakasubiri zamu kwenye kisima, wakapanda mteremko ule ule na lita ishirini kichwani. Selestina aliteremka nao mwaka mzima. Alifika shule kipindi cha pili kikiwa kimeisha, shingo ikimuuma, na mwalimu wa hesabu alimchapa mara mbili kwa wiki kwa kuchelewa somo analolipenda kuliko yote.

Nyuma ya nyumba ya Benedikto kulikuwa na tangi la chini ya ardhi, la enzi za baba yake, la kuvunia maji ya mvua. Lilikuwa na nyufa, na yaliyoingia Januari yalikuwa yamepotelea mchangani ifikapo Aprili. Nyumba nyingi zilikuwa na tangi kama hilo, bovu, wengine wamegeuza la kutupia taka. Benedikto alikuwa fundi mwashi. Aliingia ndani ya tangi lake siku nne, akapasua zile nyufa zikawa pana, akazijaza upya, akapiga plasta, akamalizia kwa niru ya saruji mpaka ukuta ukateleza kama sahani. Kisha akafunga gata za bati kwenye paa, za kuteremshia mvua tangini. Mwaka uliofuata Selestina hakuchelewa shule hata siku moja kati ya Mei na Septemba. Ndivyo alivyofika sekondari, na chuo kikuu, na ndivyo alivyorudi na shahada ya uchumi kuajiriwa katika halmashauri moja huku huku juu, akiwa sasa mjane wa miaka arobaini na sita, mama wa binti mmoja, Yuster, aliyeko chuo cha uuguzi.

Kazi yake ni kupima miradi. Diwani huja na wazo, wazo huja na makisio, na Selestina hukaa chini aseme kama fedha ya umma itarudi na kitu au itapotea. Mwaka huu mezani kulikuwa na mradi ambao angeomba usifike kwake. Ulikuwa wa mjomba.

Miaka sita nyuma, Benedikto aliwaeleza viongozi kwamba yeye anazeeka na matangi yanazidi kupasuka, akaomba wampe vijana na akina mama awafundishe. Kwa bahati ambayo haitokei mara mbili, wakakubali, na wafadhili wakapatikana. Likapatikana jengo la ghala la zamani, likaitwa kituo. Kila mwaka watu ishirini, wengi wao wanawake, walijifunza kwa miezi sita kukarabati matangi na kufunga gata. Walijifunza kwa vitendo, kwenye nyumba za watu, na kila mkupuo ulipomaliza uliacha matangi sabini na tano yanayoshika maji. Mjomba, ambaye hakuwahi kupata mtoto, aliwaita wote wanangu. Sasa wafadhili wa mwanzo walikuwa wameondoka, na halmashauri ilitakiwa kuamua kama itaendelea kukigharamia kituo kwa mapato yake yenyewe. Bila mkupuo mpya, mlango utafungwa. Kamati ingekaa mwishoni mwa Agosti, na kabla ya hapo ilitaka uchambuzi wa gharama na faida.

Selestina alikwenda kwa mkuu wake wa idara, Bwana Yassini.

"Huu mpe mwingine," alisema. "Mwalimu wa kituo ni mjomba wangu. Amenilea."

Bwana Yassini alivua miwani. "Nimpe nani? Idara ina mimi na wewe, na mimi mke wangu alisoma hapo mkupuo wa pili. Huku kila mtu ni ndugu wa mtu. Andika ukurasa wa kwanza kwamba ni mjomba wako, halafu fanya kazi."

Akaandika. Wino ulikuwa bado mbichi alipoanza upande wa gharama.

Gharama hazikumsumbua. Mishahara ya walimu, saruji, mchanga, bati, chakula. Akaongeza kitu ambacho wengi husahau: kazi ya shamba ambayo wale wanafunzi ishirini waliiacha kwa miezi sita, maana muda wao nao ni mali. Posho waliyopewa hakuiweka. Fedha ile imetoka mfuko mmoja imeingia mwingine ndani ya jamii ile ile, na kama ameshahesabu kazi waliyoiacha, akiongeza na posho atakuwa amehesabu jambo moja mara mbili. Jumla ikawa milioni arobaini na nane kwa mkupuo mmoja.

Upande wa faida ndio uliomkondesha. Faida ya kwanza ni kipato: fundi aliyehitimu anapata kiasi gani kwa mwaka zaidi ya jirani yake anayefanana naye ambaye hakusoma? Ile ziada tu ndiyo faida ya mafunzo. Fundi anayesema "nimesomesha mtoto kwa kazi hii" husema kweli, lakini ada ile imetoka kwenye kipato kile kile, hairuhusiwi kuandikwa tena mstari wa chini. Faida ya pili ni muda. Nyumba yenye tangi zima haiteremki bondeni, au huteremka kidogo. Saa zile zilizookolewa zina bei gani?

Hapo alikaa siku mbili. Kibarua wa palizi hulipwa kama shilingi mia saba kwa saa. Lakini mwanamke akiokoa saa moja hakimbilii zote palizini. Nyingine atapumzika, nyingine atamsuka mtoto nywele. Mazoea ya kazi yake ni kuchukua nusu ya ujira. Shilingi mia tatu na hamsini. Selestina alikubali mazoea hayo, maana ndiyo yaliyotumika kwenye miradi mingine, na akayachukia. Alijua mwenyewe shingo ya mtoto inavyouma saa kumi na moja alfajiri, na hakukuwa na mstari wa kuiandika. Alichoweza ni kuandika aya moja ya maneno kwamba usalama wa wasichana njiani na mahudhurio ya shule ni faida zisizotiwa bei. Aya za namna hiyo watu wa kamati huziruka.

Wadadisi watatu walikwenda vijijini Julai na madodoso. Waliwahoji wahitimu ishirini wa mkupuo uliopita, na nyumba zote sabini na tano zilizokarabatiwa, na kundi la kulinganisha: watu wasiosoma na nyumba ambazo tangi bado ni bovu. Majibu yaliporudi, Selestina aliyasoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

Nyumba zenye tangi bovu zilitumia saa tatu na nusu kwa siku kutafuta maji. Nyumba zilizokarabatiwa zilisema saa mbili na nusu. Yaani kazi yote ile imeokoa saa moja. Na wahitimu, mafundi wenye mwiko na pima maji, walisema wanapata ziada ya laki moja na elfu themanini tu kwa mwaka.

Akahesabu. Ziada ya watu ishirini ni milioni tatu na laki sita kwa mwaka. Saa moja kwa siku, kwa siku mia na hamsini za kiangazi ambazo tangi lina maji, kwa bei yake ile, ni elfu hamsini na mbili na mia tano kwa nyumba; ukitoa elfu kumi na mia tano za matunzo ya tangi, inabaki elfu arobaini na mbili, na kwa nyumba sabini na tano ni milioni tatu, laki moja na elfu hamsini. Jumla kwa mwaka: milioni sita, laki saba na elfu hamsini. Kwa miaka kumi ambayo ukarabati unadumu, mtu wa kawaida angeshangilia milioni sitini na saba dhidi ya arobaini na nane.

Lakini fedha ya mwaka wa kumi si sawa na ya leo. Halmashauri ingeweza kuitumia leo kwenye jambo jingine likazaa, kwa hiyo faida inayochelewa lazima ipunguzwe, na mwongozo wao ulitaka asilimia kumi kwa kila mwaka. Milioni moja itakayopatikana baada ya miaka kumi ina thamani ya leo ya laki tatu na elfu themanini na tano tu. Selestina alipunguza mwaka kwa mwaka, akajumlisha. Milioni sitini na saba ikanywea ikawa arobaini na moja na nusu. Kituo kilikuwa na upungufu wa milioni sita na nusu.

Alirudia mara tatu. Akajaribu kiwango cha punguzo cha asilimia sita: mradi ulivuka, kwa kama milioni moja na nusu na ushee. Lakini soko na stendi vilivyokuwa vikishindania fedha hizo vimepimwa kwa kumi, na huwezi kumpimia mjomba wako kwa kibaba kingine. Akageuza swali: ili mradi ufike sifuri, kwa asilimia kumi ile ile, kila nyumba ingepaswa kuokoa muda gani zaidi ya saa moja? Jibu likatoka. Dakika kumi na saba kwa siku.

Siku ya Alhamisi, wiki moja kabla ya kikao, alipanda bodaboda kwenda kijijini, maana namba ile ya saa mbili na nusu ilimkaa kooni. Aliingia nyumba ya kwanza iliyokuwa kwenye orodha, ya Rahima, ambaye watu humwita Mama Hamudi, mhitimu na tena mwenye tangi.

"Shikamoo Mama Yuster."

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Hapa tunahangaika tu," alisema Mama Hamudi, akimpa kigoda. "Maji ndiyo kama unavyojua. Tangi lipo lakini bado tunateremka bondeni, shida tupu."

Alikuwa bado anaongea alipopita bintiye kutoka nyuma ya nyumba na ndoo imejaa, nyayo zake kavu, hana hata jasho. Akamimina kwenye sufuria, akarudi nyuma, akatokea na ya pili. Selestina alitazama saa yake. Dakika tatu. Mama Hamudi naye alimtazama Selestina akitazama saa, kisha akacheka kwa haya, akavuta kigoda karibu.

"Basi wewe si mgeni. Wewe ni mtoto wa Mzee. Nikufiche nini?"

Akamweleza yote, kwa fahari. Kabla wadadisi hawajafika, Mzee Benedikto aliwakusanya wahitimu kituoni. Aliwakumbusha mradi wa mbuzi wa mwaka ule, jinsi wakaguzi walivyopita nyumba hadi nyumba na kila aliyekuwa na paa la bati na akasema hali si mbaya akafutwa jina. Mbuzi wakaenda kwa waliolia. Akawaambia: serikali inataka kujua kama bado mna shida. Mkisema mmefanikiwa, watasema basi inatosha, wafunge kituo. Semeni hali bado ngumu, waambieni na wenye matangi, ili na wenzenu wapate kusoma.

"Tukakaza kweli," alisema Mama Hamudi. "Mimi mwezi wa sita peke yake nimelipwa laki mbili kwa matangi ya Tandahimba. Nikasema sijapata kitu. Yule mdadisi alinihurumia mpaka akaninunulia soda."

Selestina alicheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko. Mama Hamudi akadhani ni furaha. Akampa karanga za kuondoka nazo.

Ijumaa alisimama mbele ya Bwana Yassini akaomba wadadisi warudi.

"Kwa fedha ipi?" aliuliza Bwana Yassini. Hakuwa mtu mbaya. "Na wakirudi, waulize nini? Mtu aliyekuambia Julai ana njaa, Agosti akwambie ameshiba, utaandika lipi?"

"Hatuulizi. Tunakaa na saa, tunapima wenyewe."

"Nyumba sabini na tano, siku nne za kazi." Akachukua kalamu. "Ni dakika ngapi zinazokosekana?"

"Kumi na saba."

"Selestina. Dakika kumi na saba. Nani atakuja kuzihesabu?"

Alielewa alichokuwa anapewa. Kalamu moja tu, saa moja igeuzwe saa moja na dakika ishirini, na jambo limekwisha. Tena ungekuwa ni uongo ulio karibu na ukweli kuliko karatasi iliyopo. Alilifikiria kweli, tusimfanye malaika. Lakini miaka ishirini amewakatalia madiwani namba zao za kubuni, naye alijua namna moja tu ya kuwakatalia: kwamba yeye mwenyewe habuni. Akaomba ruhusa ya Jumamosi.

Jumamosi, kwa nauli yake, alikaa katika nyumba nne zilizopakana tangu alfajiri hadi jioni, akimlipa mwalimu mmoja wa sekondari amsaidie kukaa kwenye mbili. Nyumba hizo zilitumia wastani wa dakika hamsini kwa siku kutafuta maji. Ikilinganishwa na saa tatu na nusu za jirani, tangi lilikuwa linaokoa saa mbili na dakika arobaini. Akaviweka hivyo vipimo kwenye kiambatisho, akaandika kwamba kuna dalili kuwa waliohojiwa walipunguza mafanikio yao, bila kutaja jina la mtu.

Kamati ilikaa. Selestina alieleza vizuri, sauti haikutetereka. Alionyesha matokeo ya dodoso, akaonyesha dakika kumi na saba, akaonyesha nyumba zake nne. Mwenyekiti, Mheshimiwa Bwanali, mkulima wa korosho asiyependa maneno mengi, alifunua ripoti ukurasa wa kwanza.

"Hapa umeandika mwalimu wa kituo ni mjomba wako."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na hizi nyumba nne alizichagua nani?"

"Mimi."

"Na za dodoso?"

"Zote sabini na tano ziliingia. Hazikuchaguliwa."

Mwenyekiti alitikisa kichwa, si kwa ubaya. "Mama, ungekuwa wewe hapa nilipo, ungefuata zipi?"

Jibu Selestina alilijua, na lilikuwa dhidi yake. Angefuata sabini na tano. Mkupuo mpya ukaahirishwa, suala litaweza kuletwa tena mwakani pamoja na tathmini mpya, na fedha ya mwaka huu ikaenda kwenye banda la soko.

Alikwenda kwa mjomba siku iliyofuata, mchana. Alimkuta kituoni peke yake, akikwangua saruji kavu kwenye miiko, kazi ambayo siku nyingine ingefanywa na wanafunzi. Alikuwa amekonda. Miaka sabini na moja, magoti yote mawili yamechoka kwa kuingia na kutoka kwenye matangi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Wamekataa?"

"Wameahirisha."

"Wamekataa," alisema Benedikto, akaweka mwiko chini taratibu. Macho yake yalizunguka ukutani, kwenye mbao za kupimia, kwenye orodha ya majina ya mikupuo sita aliyoiandika mwenyewe kwa rangi ya mafuta. Alikuwa na huzuni iliyo wazi, wala hakuificha. "Kosa letu lilikuwa nini?"

Njiani kote Selestina alikuwa amelitayarisha jibu, na alilitoa kama alivyolitayarisha. Akamweleza habari ya punguzo. Kwamba maji ya mwaka wa kumi, kwa hesabu za serikali, ni chini ya nusu ya maji ya mwaka huu. Kwamba kama wangepima kwa asilimia sita mradi ungepita, lakini kanuni ni kumi. Yote yalikuwa kweli. Alichora hata kwenye vumbi, nguzo kumi, kila moja fupi kuliko iliyotangulia.

Mzee aliinama akazitazama zile nguzo kwa makini ya fundi. "Basi tangi likidumu ndivyo linavyozidi kukosa bei," alisema. "Ajabu. Lakini ni kanuni, hakuna mtu wa kulaumiwa."

"Hakuna, mjomba."

"Hilo linanipa nafuu kidogo. Nilikuwa naogopa ni watu wangu wameharibu." Akasogea karibu, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Nikuambie. Niliwafundisha wasijisifu mbele ya wale wadadisi. Wamejitahidi kweli. Umesema litaletwa tena mwakani? Wakija tena, nitapita nyumba hadi nyumba mwenyewe. Nitawaambia wakaze zaidi."

Selestina aliangalia mikono yake. Angeweza kunyamaza, na mzee akalala kwa amani mwaka mzima, na mwakani kituo kikafa mara ya pili kwa mkono ule ule. Ama angeweza kusema. Alitamani sana kuwe na njia ya tatu, akaitafuta, akaikosa.

"Mjomba," alisema. "Wakija tena, waache waseme kweli. Waseme wanapata. Waseme maji yapo."

Benedikto alimtazama usoni, kisha akatazama chini, kwenye nguzo za vumbini, kisha akamtazama tena. Alikuwa mtu wa kuelewa vitu kwa kuvipapasa taratibu, na Selestina aliona wakati alipofika.

"Walikuwa wanataka tuwe tumefanikiwa."

"Ndiyo."

"Si kama mbuzi."

"Si kama mbuzi, mjomba. Walitaka kuona kilichobadilika."

"Tulikosa kwa kiasi gani?"

Hangeweza kumdanganya mtu yule kuhusu kipimo. "Dakika kumi na saba kwa siku."

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba."

Mzee alikaa juu ya mfuko wa saruji uliobaki. Alikaa vibaya, nusu nusu, kama mtu aliyekosea kiti, na hakujirekebisha. Selestina alimshika bega. Alikumbuka kwamba ana maneno mengi ya kitaalamu ya jambo lililotokea, kwamba waliohojiwa wana sababu zao, kwamba dodoso liliandikwa vibaya, kwamba yeye mwenyewe alipaswa kwenda kijijini Julai na si Agosti. Hilo la mwisho lilikuwa kweli kuliko yote, naye alilisema. Mzee hakulisikia.

"Rahima anajua?" aliuliza.

"Hapana. Hakuna anayejua."

"Usiwaambie akina mama," alisema. "Wao walinisikiliza tu."

Akaomba apewe ule mwiko, akaendelea kukwangua.